Woga wa Nini?

Januari 2018, siku ya tatu tangu shule ifunguliwe baada ya likizo ya Noeli, mama mmoja alinisubiri nje ya darasa langu hapa Luberizi. Alikuwa ametoka shambani, kitenge chake kimeshika tope hadi magotini, na mkononi ana bilteni ya binti yake, imekunjwa mara nne. Nilimkaribisha akae, hakukaa. Alinisalimia, akauliza habari za nyumbani na za watoto, kisha akaifungua ile karatasi taratibu na kuweka kidole chini kabisa, kwenye mstari nilioandika kwa kalamu ya buluu.

"Mwalimu, kaka yake alinisomea. Muliandika mutoto wangu iko na woga. Woga ya nini?"

Nilikuwa nimeandika kwa Kifaransa kwamba ni mwanafunzi mzuri lakini timidi mno. Nikamwambia mama kwamba kaka mtu alikosea kidogo, kwamba sikusema woga, nilitaka kusema mtoto ana haya. Mama akanitazama kama mtu aliyepewa chenji pungufu.

"Haya ni kitu kizuri, mwalimu. Sasa munamulaumu juu ya haya?"

Nikatafuta neno la tatu, nisilipate. Nikamwomba aniachie wiki chache. Alikunja bilteni yake mara nne tena, akaenda zake. Nami nikabaki mlangoni na swali ambalo sikuwa nimejiuliza katika miaka yote ya kushika chaki: nikisema mtoto ni mwoga, anaogopa nini hasa?

Lazima nieleze neno lile lilifikaje pale. Bilteni yetu ya shule ya msingi ina safu za alama, na chini yake mistari miwili isiyo ya masomo: mmoja wa bidii, mmoja wa mwenendo. Sauti ya mtoto haina mstari. Lakini direkta wetu wa mwaka ule alitaka kila mwalimu aongeze sentensi moja kwa kila mwanafunzi, ili wazazi wajue tunawafahamu watoto wao. Agizo lilikuwa zuri. Tatizo ni kwamba darasa langu la tano lilikuwa na watoto 63, na sentensi zote 63 niliziandika usiku mmoja kwa mwanga wa taa ya sola iliyokuwa inafifia. Watundu walinipa mengi ya kuandika. Wenye akili nyepesi pia. Nilipofika kwa wakimya, mkono uliandika wenyewe. Baada ya mama yule kuondoka nilichukua daftari langu la nakala, nikahesabu: neno timidi lilitokea mara 11. Watoto 11, neno moja.

Na mimi neno lile nalijua kwa upande wa pili. Nilipokuwa mtoto liliandikwa kwenye bilteni yangu darasa la tatu, na tangu hapo likanifuata. Mwalimu wa darasa la nne alilisoma kabla hajanisikia, kwa hiyo hakuniuliza. Wa darasa la tano aliona siulizwi, akaona ni sawa. Nilifika sekondari nikiwa najua kwamba mimi ni mtu wa namna hiyo, kama vile wengine walivyojua kwamba ni warefu. Hakuna aliyeuliza woga wa nini. Mama yangu hakusoma Kifaransa, na mimi sikumtafsiria.

Wiki ile nilikaa na yale maneno kama mtu anayechambua mchele. Neno la Kifaransa lina asili ya Kilatini, katika kitenzi cha kuogopa. Lakini Wafaransa wameshalizoea, na mazungumzoni limekuwa jepesi: mtoto anayejificha nyuma ya sketi ya mama yake huitwa hivyo, na watu wakacheka. Likivuka kuja Kiswahili, wepesi ule unaanguka njiani na asili yake inarudi. Linakuwa woga. Na woga katika bonde hili la Ruzizi una uzito wake. Mutarule, si mbali na hapa, usiku wa tarehe 6 Juni 2014 waliuawa watu zaidi ya 30. Watoto niliokuwa nawafundisha mwaka 2018 walikuwa wadogo wakati ule, lakini si wadogo wa kutojua maana ya kukimbia. Kumwita mtoto wa hapa mwoga bila kusema anaogopa nini ni kugusa kitu usichokiona.

Haya nayo ni neno lenye kazi mbili. Ya kwanza ni adabu: mtoto anainamisha macho mbele ya mkubwa, anapokea kitu kwa mikono miwili, hajibu kwa sauti ya juu. Ndiyo maana kusema fulani hana haya ni tusi, na ndiyo maana mama alishangaa. Kazi ya pili ni ule uchungu wa kutazamwa: uso unawaka, ulimi unakauka, na maneno uliyokuwa nayo sekunde moja iliyopita hayapo tena. Watu wa pwani wana neno la soni linalokaribia hapo. Sisi tunasema mtu amesikia haya, na tumemaliza. Ukiandika tu kwamba mtoto ana haya, mzazi hajui kama unamsifu kwa kazi ya kwanza au unamhurumia kwa ya pili.

Kisha kuna mtu wa maneno machache, anayeyapima kabla ya kuyatoa. Huyu haogopi wala hasikii haya. Anachagua. Wazee wetu wa mabaraza wengi ni wa namna hii, na hakuna anayewaandikia kwamba wazungumze zaidi. Mwisho kuna yule ambaye wanasaikolojia wanamwita mtu wa ndani. Jina hilo lilienezwa na daktari wa Uswisi, Carl Jung, katika kitabu chake cha mwaka 1921 kuhusu aina za watu. Kwake swali lilikuwa mtu anaelekeza wapi mawazo na nguvu zake: nje kwa watu na vitu, au ndani kwake mwenyewe. Mtu wa ndani anaweza kuhubiri mbele ya mia tano na wakamsifu. Ila akimaliza anatafuta mahali pa kukaa peke yake, maana kelele za watu zimemchosha.

Kilichonisaidia zaidi ni kazi ya Wamarekani wawili, Jonathan Cheek na Arnold Buss, walioichapisha mwaka 1981. Walionyesha kwamba kubanwa mbele ya watu ni kitu kimoja, na kupenda au kutopenda kukaa na watu ni kitu kingine. Vinaweza kukutana katika mtu yeyote kwa namna yoyote. Waliowakuta wanateseka zaidi katika mazungumzo ni wale waliopenda watu huku wakibanwa: wanataka kusogea, miguu inakataa. Asiyependa sana mikusanyiko na habanwi hana shida yoyote. Amekaa pembeni kwa sababu pembeni pana raha.

Kwa mwalimu hii ina maana kwamba kimya cha darasani hakikwambii chochote chenyewe. Watoto watano waliokaa kimya kwenye benchi moja wanaweza kuwa na sababu tano, na dawa ya mmoja ni sumu kwa mwenzake.

Basi nilichukua daftari, nikachora safu nne: yuko wapi, nani yupo, lugha gani, amefanya nini. Nilijiwekea sharti moja, kwamba safu ya mwisho isiwe na jina la tabia. Kitenzi tu. Sikuruhusiwa kuandika mwoga, mpole wala mkimya. Niliandika: alitazama chini, alijibu kwa kichwa, alimnong'oneza jirani. Nilichagua watoto saba kati ya wale 11, maana zaidi ya hapo nisingeweza na kazi nyingine zote, na nikaanza na binti wa mama yule.

Siku za kwanza safu yake ilikuwa ya kuchosha. Somo la Kifaransa, darasa zima lipo: hakujibu. Somo la hesabu, darasa zima lipo: aliandika jibu sahihi, hakuinua mkono. Kwenye mapumziko, chini ya mwembe, yeye na rafiki mmoja: alizungumza, akacheka. Wenzake waliokuwa wakiruka kamba walimwita. Aliruka mara chache, akarudi chini ya mwembe. Hilo la kamba nililizungushia duara. Mtoto anayetengwa haitwi. Mtoto anayebanwa na haya akiitwa hupinda pinda, anataka na hataki. Huyu alienda bila shida, akacheza kadiri ya hamu yake, akarudi alikopenda.

Kisha siku ya soko nikamkuta kando ya barabara ya taifa namba 5, ile inayotoka Uvira kwenda Bukavu, amekaa nyuma ya sinia la ndagala. Mama yake hakuwepo. Nilisimama nyuma ya mwuza mitumba nikatazama. Bibi mmoja alikuja, wakazungumza Kifuliiru, binti akamwongezea kiganja kimoja bila kuombwa. Akaja mwanamke mwingine, wakazungumza Kirundi. Kisha akaja askari wa kambi, akataka kupewa kopo kwa bei ya chini. Binti hakuinua sauti.

"Afande, hiyo ni bei ya jana. Leo ndagala haikupanda kutoka Uvira."

Askari akacheka, akalipa, na binti akahesabu noti mbele yake moja moja kabla ya kumrudishia chenji. Nilitoka nyuma ya mitumba na kwenda kununua mimi pia. Hapo nikaona kitu ambacho kingenipotea kama ningebaki shuleni. Aliponiona aliinamisha macho, sauti ikashuka mpaka nikainama kumsikia, na ndagala zangu akanipa kwa mikono miwili. Mtoto aliyemjibu askari sasa alikuwa anameza maneno mbele ya mwalimu wake.

Daftari langu jioni ile lilikuwa na majibu mengi kuliko miezi mitatu iliyotangulia. Woga haukuwepo: mwoga angeanza na mwenye bunduki. Kubanwa na watu wageni hakukuwepo pia. Kulikuwa na haya ya kazi ya kwanza, adabu ya mtoto kwa mkubwa, na ilikuwa imeelekezwa kwangu mimi. Na kulikuwa na safu ya tatu, ya lugha. Popote alipozungumza palikuwa na Kifuliiru, Kirundi au Kiswahili. Popote aliponyamaza palikuwa na Kifaransa, au na mimi, au sote wawili pamoja.

Suala la lugha si dogo kwetu. Sheria ya elimu ya tarehe 11 Februari 2014 inataka mtoto aanze shule kwa lugha ya taifa, na upande wetu lugha hiyo ni Kiswahili. Kufikia darasa la tano Kifaransa kimeshashika usukani. Mtoto ambaye kichwani ana jibu la Kifuliiru analipitisha Kiswahili, kisha analivika Kifaransa, na anapokuwa amelifunga kifungo cha mwisho mwalimu ameshamgeukia mwingine. Anayemwona kwa nje anamwita timidi.

Nikajipima mimi mwenyewe. Mwalimu mmoja wa Marekani, Mary Budd Rowe, katika miaka ya 1970 alisikiliza kanda nyingi za masomo na kugundua kwamba walimu wakiuliza swali hungoja kama sekunde moja tu kabla ya kuita mwingine au kujibu wenyewe. Walipofundishwa kungoja sekunde tatu au zaidi, majibu yalirefuka, na watoto waliozoea kunyamaza wakaanza kujibu. Mimi nilidhani ni mvumilivu. Nilimwomba mwenzangu akae nyuma ya darasa na saa. Alirudi akicheka: "Mwalimu, wewe hungoji hata kupumua."

Kwa hiyo nikaanza kuhesabu kwa vidole nyuma ya mgongo, mpaka tano. Ni muda mrefu ajabu ukiwa umesimama mbele ya watoto 63. Wepesi wanapunga mikono, wanapiga vidole, wanaita mwalimu, mwalimu. Nikaongeza kanuni mbili. Kabla ya kujibu, kila mtoto aliandika jibu lake kwenye ubao mdogo au karatasi, kisha akamsomea jirani. Na nikaacha kusema ile sentensi tunayoipenda walimu, nitazame ninapozungumza nawe. Kama nyumbani amefundishwa kuinamisha macho, nikimlazimisha kunikazia macho nampa kazi mbili kwa wakati mmoja, kuvunja adabu na kuzungumza Kifaransa.

Siku ya nne niliuliza mto Ruzizi unatoka wapi. Vidole vitatu, vinne. Yule binti, akitazama benchi lake, akajibu kwa Kifaransa kwamba unatoka ziwa Kivu na unaingia Tanganyika. Nusu ya pili sikuwa nimeiuliza. Nilimwambia ndiyo, nikaendelea. Sikuliamuru darasa lipige makofi, maana makofi kwa mtoto wa namna ile yangekuwa adhabu.

Sasa nimgeukie mtoto mwingine, ambaye ananisumbua mpaka leo. Huyu hakuwa katika wale 11. Nilikuwa nimempa sentensi nzuri: mtoto mpole, mtulivu, mwenendo bora. Kwenye mstari wa mwenendo alikuwa na alama ya juu kuliko wote. Hakuwahi kunisumbua hata mara moja, na hilo ndilo lilipaswa kunishtua.

Alikaa nyuma ya yule binti. Kwa kuwa macho yangu sasa yalikuwa upande ule, nilianza kumwandika naye, hivi hivi tu. Baada ya wiki mbili nikaisoma safu yake kutoka juu hadi chini. Darasani: hakusema. Uwanjani: hakusema. Na mwalimu: hakusema. Na wenzake: hakusema. Kwa Kifaransa, kwa Kiswahili, kwa Kifuliiru: hakusema. Siku moja alirudi nyumbani suruali imelowa, kwa sababu kuomba ruhusa ya choo kulihitaji sentensi moja.

Nilimwita dada yake wa darasa la sita. Akashangaa. Nyumbani, alisema, huyu ndiye anayewachekesha. Jioni humwiga mchungaji akihubiri mpaka bibi anatoa machozi. Alikuwa hasemi shuleni tangu darasa la tatu. Alikuwa amehamia kwetu kutoka shule nyingine, na huko, dada mtu alisema, alikwama siku moja katika kusoma kwa sauti na akasimamishwa mbele ya wenzake mpaka kengele.

Nikayapitisha yale maneno moja moja. Lugha? Hapana, maana alinyamaza hata kwa lugha ya mama yake. Adabu? Hapana, hakuna anayewaonyesha wenzake wa kamba adabu kiasi hicho. Mtu wa maneno machache? Mwenye maneno machache huyatoa yanapohitajika, na ruhusa ya choo inahitajika. Mtu wa ndani? Mtu wa ndani huchoshwa na watu, lakini sauti haimpotei. Ulibaki woga, woga wenyewe kabisa, wenye mahali pake na kitu chake. Na huyu ndiye niliyemwandika mtulivu.

Kuna hali inayojulikana ya namna hii, mtoto anayezungumza vizuri mahali pamoja na kufungwa kabisa mahali pengine. Mwongozo wa madaktari wa akili wa Marekani wa mwaka 2013 unaiweka katika kundi la matatizo ya hofu, na unaweka mipaka ambayo kila mwalimu angefaa kuijua: iwe imedumu angalau mwezi mmoja, mwezi wa kwanza wa shule usihesabiwe, kwa kuwa wengi hunyamaza wakiwa wageni, na isiwe kwa sababu mtoto hajui lugha inayotumika. Si ukaidi. Mtoto hakatai kusema, sauti haitoki. Mimi si daktari, na sikumpa mtoto jina la ugonjwa. Lakini mipaka ile ilinisaidia kumtenganisha na yule binti, ambaye mpaka wa tatu ungemtoa mara moja.

Tulifanya hivi. Baada ya masomo ya asubuhi, darasa likiwa tupu, dada yake alikaa naye benchi la mbele na kitabu. Mimi nilikaa nje, mlango umefungwa. Alimsomea dada yake. Wiki iliyofuata mlango ulikuwa wazi na mimi niko barazani, nikisahihisha madaftari. Kisha nikawa kizingitini, nimewapa mgongo. Kisha ndani, kwenye meza yangu, bado nimewapa mgongo. Siku moja nilisikia amesoma sentensi vizuri, nikageuka kumwambia vema. Alifunga kitabu, na siku nne zilizofuata hakufungua mdomo hata kwa dada yake. Nililipa haraka yangu kwa kuanza tena kizingitini. Mwezi wa tano alisoma mistari mitatu nikiwa nimekaa benchi la pili, namtazama dada yake, yeye simtazami. Hapo ndipo tulipofika mwaka ule. Mbele ya darasa hakusema.

Ukiyaweka majina yale pamoja unaona tabu yake. Mwoga, mpole, mtulivu, mkimya: Kiswahili kinayapa hadhi ya mtu, yanasimama kama mkulima au mwalimu, kama kazi ambayo mtoto ameajiriwa nayo. Kitenzi hakifanyi hivyo. Kitenzi kina wakati na mahali, na kuogopa hakukamiliki bila kitu kinachoogopwa. Mama yule, bila shule yoyote, alifanya kitu kimoja tu: alilichukua jina nililolibandika akalidai kitenzi chake. Nami nilikuwa nimetumia jina kwa sababu sikuwa nimetazama. Jina baya lilimfanya mzazi aje kuuliza. Lile zuri, mpole, halikumleta mtu, na ndiyo maana lilimficha mtoto.

Sikuwamaliza wote. Kati ya wale saba niliowaandikia safu, wawili mpaka mwisho sikuwaelewa, na wengine wanne hawakuingia kabisa katika daftari. Mmoja wa wale saba niligundua alikuwa hasikii vizuri sikio la kushoto, na nilichofanya ni kumhamisha benchi. Watoto 63 ni 63.

Tarehe 2 Julai, siku ya proklamasio, nilikuwa na sentensi mpya. Kwa yule binti niliandika: "Hujibu vizuri akipewa muda wa kuandika kwanza. Huinamisha macho kwa heshima. Kifaransa cha mdomo kinaongezeka. Hucheza na wenzake anapotaka." Sikuandika kwamba ni mtu wa ndani, ingawa nadhani ndivyo alivyo, kwa sababu ndani sikufika. Mama yake alimpa kaka mtu asome pale pale uwanjani, chini ya jua, watu wakipita. Alisikiliza mpaka mwisho, akamwambia arudie sehemu ya kucheza. Kisha akaniambia, "Hata mimi niko vile," akaikunja bilteni mara mbili tu.

Kwa yule kijana niliandika: "Mwezi wa tano alisoma mistari mitatu kwa sauti mbele yangu, dada yake akiwa karibu. Mbele ya darasa bado. Mwalimu ajaye asimsimamishe kusoma. Aanze na dada yake na mlango uliofungwa. Akitaka kwenda choo, aruhusiwe kwa ishara ya mkono."

Direkta aliisoma bilteni ile kabla ya kuipiga muhuri. Maandishi yalikuwa yametoka nje ya nafasi yake, yamepanda pembeni mpaka kwenye alama za hesabu. Aliniuliza kama nisingeweza kutafuta neno moja.